Asiyekoroma

Minofu, muuza nyama, alikuwa na kilo mia moja arobaini na tano na hakumwonea haya mtu. Alitembea nazo kama cheo. Kilichomtia aibu ni ngiri tu, ile iliyomchomoza kinenani na kumkataza kunyanyua hata paja la mbuzi. Mtu mzima, bucha lake mwenyewe, anakaa kwenye stuli akielekeza kwa kidole kama bibi harusi! Alitaka apasuliwe, ishonwe, yaishe.

Mara mbili alikwenda hospitali, mara mbili akarudishwa. Kisa? Kile kibanio wanachokubana kidoleni kusoma oksijeni ya damu. Kwake kilisoma themanini na saba, nao walitaka tisini na kitu. Safari ya pili hasira zilimpanda, akamgombeza muuguzi kwa pumzi zake zote, na katikati ya ugomvi akaona namba inakwea: tisini, tisini na tatu, tisini na sita. Loh! Akanyamaza, ikashuka. Akafoka tena, ikapanda. Mtu mwenye akili zake angejiuliza kwa nini. Yeye akajiona mjanja wa wajanja, akarudi nyumbani, na kwa majuma mawili akafanya mazoezi nyuma ya bucha, anavuta pumzi ndefu, anaitoa taratibu, mabega yasionekane kupanda.

Safari ya tatu alisindikizwa na shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Trekta. Huyu naye si haba kwa unene, na akilala majirani hawalali. Mwaka uliopita madaktari walimwambia koo lake linaziba usingizini: pumzi inakatika, anashtuka, anavuta kwa kishindo, inakatika tena, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Wakampa mashine yenye barakoa ya kumpulizia hewa puani ili koo lisifunge. Minofu alimcheka mpaka machozi. Alimwita rubani. "Mimi nalala kama mtoto aliyeshiba," alikuwa akisema. "Sikoromi hata kidogo." Nyani haoni kundule, wahenga walishamsema huyu kabla hajazaliwa.

Daktari wa usingizi, yaani yule anayewalaza watu kabla ya kisu, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani kwenye paji la uso na karatasi ya maabara mkononi. Chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba, ambacho Minofu alikitazama tu akaamua kubaki kwenye kiti.

Akabanwa kidole. Akavuta, akatoa. Tisini na sita.

"Safi," alisema Minofu. "Tuelekee chumba cha upasuaji, dada yangu."

"Haraka ya nini, kaka? Asubuhi kichwa kinauma?"

"Hakiumi."

"Kila siku kinamuuma," alisema Trekta.

"Mchana unasinzia?"

"Mimi? Hapana!"

"Juzi alisinzia na kisu mkononi," alisema Trekta, "mteja anasubiri maini."

Minofu alimkata jicho. Mtu unamleta akusindikize, anakuchongea! Daktari akamgeukia Trekta, akaanza kumuuliza habari za mechi ya juzi, ile penalti ilikuwa halali au mwamuzi kala kitu. Trekta akasema ilikuwa halali. Halali? Minofu alikuwa na maoni mazito juu ya penalti ile, akawasikiliza wanavyopotosha ukweli huku moyo ukimwaka, akingoja nafasi ya kuingia. Akasahau kuvuta.

"Tazama namba yako," alisema daktari.

Themanini na tano.

Kisha akakitoa kibanio, akambana Trekta. Tisini na saba, na Trekta alikuwa ameketi tu, mdomo wazi, hana habari.

"Shemeji yako koo linaziba akilala," alisema daktari. "Akiamka linafunguka, anapumua kama kawaida, damu yake inakuwa safi. Wewe uko macho, unafikiria mpira, na bado hupumui vya kutosha. Huo ni ugonjwa mwingine. Wengi wanakuwa nao pamoja na ule wa koo, wakakoroma, wakagundulika. Wewe hukoromi, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka."

"Pumzi ninazo. Si umeiona tisini na sita?"

"Nimeiona, umeitengeneza. Hiyo inaniambia mapafu yako yanaweza. Tatizo ni mzigo na msimamizi. Uzito umekalia kifua na tumbo, kila pumzi ni kazi ya kubeba gunia, na ubongo ambao ungepaswa kuhimiza umechoka kuhimiza. Unavuta vipumzi vifupi. Hewa ukaa, ile chafu tunayoitoa, haitoki yote. Inabaki kwenye damu."

"Basi ubongo si utaona imezidi?"

"Ungeona. Hewa ukaa ikijaa, damu inaelekea kuwa na tindikali, na tindikali ndiyo kengele ya ubongo. Ila figo zako zina upole mno." Akaigonga ile karatasi. "Zimekaa miezi zikiweka akiba ya bikaboneti ya kuipoza hiyo tindikali. Kengele hailii. Nilipoiona hii akiba kabla hujaingia, nikajua. Kidole unaweza kukidanganya dakika tano, kaka yangu. Figo huziwezi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini Minofu hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Akafura. "Nipeni oksijeni basi, tumalize!"

"Nikikufungulia nyingi, namba itapendeza na hewa ukaa itazidi kupanda huku tunashangilia namba. Utalewa nayo usingizi. Kwanza uvae mashine ya kukusukumia hewa ukilala, kama ya shemeji yako; kisu baadaye."

"Basi nitakwenda hospitali nyingine."

"Nenda. Utawadanganya, na watakulaza. Sasa niambie, dawa ya usingizi ikishakuingia, na baadaye ya maumivu, nani atakukumbusha kuvuta?"

Daktari akamrudishia kibanio kidoleni, akasema anataka damu ya mshipa wa kifundo cha mkono kupima hewa ukaa yenyewe, akaelekea kwenye kabati la pembeni kuandaa sindano. Minofu akakunja mikono. Alikuwa amechoka. Kuvuta pumzi kwa makusudi asubuhi nzima si mchezo, na kiti kilikuwa na mgongo mzuri. Alisema moyoni atafumba macho kidogo tu, apange atakachowajibu hawa.

Aliamshwa na kibao cha shavu.

"Vuta! Vuta bwana!" Trekta alikuwa amemshika kola kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, mwanamume mzima. Daktari alikuwa ameshamfikia, amemwinua kidevu, macho kwenye namba. Sabini na nne, ikipanda.

"Una wazimu? Nimepumzika tu!"

"Ulinyamaza!" alisema Trekta. "Mimi nikilala watu wanajua niko hai, wananitukana mpaka asubuhi. Wewe ulinyamaza kimya, kifua kinatikisika kidogo, kidogo, kikaacha. Ningemwambia nini dada yangu?"

"Dada yako asijue. Utamtia hofu bure."

"Asijue?" Trekta alijipangusa uso kwa mkono wa shati. "Ni yeye aliyenituma. Miaka miwili halali yule. Anakaa kitandani anahesabu pumzi zako, zikichelewa anakusukuma. Akaniambia, kaka, nimechoka, siku nikipitiwa nitamkuta amekufa."

Minofu alitazama mikono yake, akamnyooshea daktari mmoja, kifundo kikiwa juu.

"Chukua damu," alisema. "Na hiyo mashine, nitaivaa leo. Mwambieni akalale."