Sura ya Dada Esperance

Marguerite alipotezana na dada yake Esperance walipokimbia Uvira. Sasa mtu alidai kumwona Lilongwe. Picha ya dada ilikuwa moja tu, ndogo, yenye ukungu, basi akampelekea Rémy, mpiga picha wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, karibu na Lilongwe, aisafishe kwa kompyuta wapate kubandika matangazo mjini.

Ikatoka sura ya msichana mweupe kidogo, mwenye pua nyembamba, bila lile kovu la Esperance shavuni.

"Huyu njo nani? Dada iko na miaka makumi tano na mbili!"

"Mama, pale programu haioni, inabuni kufuatana na sura ilizojifunza, na nyingi ni za vijana na za Wazungu. Mikunjo na kovu inazifuta kama uchafu."

"Iambie ni mzee, Mkongomani."

Rémy akaandika hivyo. Akatoka bibi mwenye mvi, mgeni kabisa.

"Imebuni mwingine tu. Kama uko na picha zingine zenye kuonekana muzuri..."

"Ziliungua na nyumba."

Marguerite akaishika picha ya ukungu kando ya kompyuta. Picha ya ukungu haikumwonyesha dada vizuri. Ile safi ilionyesha mtu mwingine.

"Bandika ya ukungu," akasema hatimaye. "Chini yake andika habari ya kovu, kwa herufi kubwa."