Tisini na Nane ya Nini?

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, tunamwita Msemaji. Hakuna aliyemchagua. Msiba ukitokea, yeye ndiye anayetangaza. Mtoto akizaliwa, yeye ndiye anayetuma picha. Kwenye kundi letu la familia kwenye simu, habari isiyopita mikononi mwake haihesabiki kuwa habari.

Basi mdogo wangu alikuwa amechoka kwa wiki kadhaa. Akipanda ngazi za nyumba yao, anasimama katikati na kushika ukuta kama mtu aliyesahau anakokwenda. Midomo imepauka. Tabibu wa kituo cha afya akamwandikia vipimo vya damu, akatolewa damu asubuhi kabla ya kula, akarudi nyumbani kulala. Msemaji akabaki kungoja majibu. Kwenye dirisha la maabara alipewa karatasi, akaambiwa aipeleke kwa tabibu. Akatazama watu waliojipanga mlangoni kwa tabibu, akatazama karatasi, akaona kazi hiyo anaiweza mwenyewe.

Nilikuwa kwa mdogo wangu, nimemaliza kusali adhuhuri, simu ikalia. Msemaji ametuandikia wote:

"Majibu tayari, tumshukuru Mungu. Sukari 98. Figo safi. Ini safi. Damu chini kidogo. Msiwe na wasiwasi."

Mungu alishukuriwa kwa wingi. Vikaja viganja vya dua, yakaja maua. Binamu mmoja akaandika kwamba damu chini kidogo dawa yake ni juisi ya bitiruti, mwingine akasema maini, wa tatu akasema ni mawazo, apumzike atazame runinga. Mdogo wangu akasoma, akaniambia, "Dada, kumbe ni uvivu tu." Akajaribu kuinuka akafue. Alifika mlangoni, akakaa chini.

Nilikuwa bado namrudisha kitandani, kaka yetu mkubwa akaingia bila hodi. Kaka ana kisukari mwaka wa kumi huu, na ugonjwa huo umempandisha cheo. Tunamwita Profesa. Mkononi alikuwa na kimfuko chake, ndani mna mashine ya kupimia sukari na kalamu ya insulini.

"Tisini na nane!" akasema. "Na nyie mnatuma maua! Mimi nikifika kumi na tano daktari ananifokea. Ishirini na tano nililazwa. Tisini na nane huyu yuko hai kwa miujiza!"

"Kaka, mbona anaongea?" nikauliza.

"Anaongea kwa nguvu za mwisho. Mfunueni tumbo nimchome."

Msemaji naye akaingia, amebeba bitiruti kwenye mfuko. Kusikia habari ya miujiza akapigwa na butwaa.

"Lakini shemeji, tisini na nane si nzuri? Mimi nimeiandika kwa sababu ni nzuri. Tisini na nane kwa mia!"

Nikamtazama. "Yaani ulidhani ni mtihani?"

"Sasa nyingine zilikuwa na nukta na herufi ndogo ndogo, zingewatisha watu. Niliwarahisishia."

Mmoja anasema amefaulu, mwingine anasema amekufa, na wote wawili wanasoma namba ile ile. Mimi shule niliishia ya msingi. Sijui sukari inahesabiwaje. Lakini namjua anayeuza unga: ukimwambia nipe mbili, atakuuliza mbili za nini. Nikakaa kitandani, kati ya kalamu ya kaka na tumbo la mdogo wangu.

"Hachomwi mtu," nikasema. "Mpigieni tabibu."

"Dada, dakika zinakwenda!" akasema Profesa.

"Basi usizimalize kwa kunifokea."

Namba ya kituo ilikuwa kwenye kadi ya mgonjwa. Msemaji akapiga, akaweka sauti kubwa, akajitambulisha kwa majina yote matatu. Akamsomea tabibu ujumbe wake kama taarifa ya habari.

"Sukari tisini na nane ya nini?" akauliza tabibu.

"Ya damu, daktari."

"Najua ni ya damu. Pembeni ya namba pameandikwa nini? Na kiwango cha kawaida cha maabara wameandika ngapi hadi ngapi?"

Msemaji akakuna kichwa. "Hivyo sikuviweka."

"Na damu chini kidogo, ni ngapi?"

"Kidogo tu, daktari."

"Kidogo kwa macho ya nani?"

Profesa akadakia, "Daktari, mimi nina mashine ya kupimia na insulini hapa, nimchome ngapi?"

"Nani huyo? Usimchome kitu! Mgonjwa yukoje? Anajitambua? Anatoka jasho?"

Nikajibu mimi: anajitambua, jasho hana, ila anahema kama aliyekimbia, na hapo alitoka kitandani hadi mlangoni tu.

"Mpimeni kwa hiyo mashine, mnisomee. Na karatasi yote ipigwe picha, kuanzia jina lake hadi sahihi ya chini. Msikate hata mstari."

Kaka akamtoboa kidole mdogo wangu. Mashine ikaonyesha tano nukta nane. Akaigonga kwenye goti. Akatoboa kidole kingine. Tano nukta nane tena.

"Imeharibika," akasema.

Msemaji akatoa karatasi mfukoni mwa shati, imekunjwa mpaka imekuwa kama tiketi, akaipiga picha akaituma. Tabibu akarudi simuni.

"Sukari ni tisini na nane, miligramu kwa desilita. Kawaida kabla ya kula hapo ni sabini hadi tisini na tisa. Mashine ya mzee inahesabu kwa milimoli kwa lita, ni kipimo kingine kabisa. Tisini na nane yetu kwake ni kama tano na nusu. Sukari haina shida. Mngemchoma insulini ingeshuka, angeweza kupoteza fahamu, hata maisha."

Profesa akarudisha kalamu kwenye kimfuko polepole, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

"Sasa sikilizeni," tabibu akaendelea, na sauti ikabadilika. "Damu yake ni sita nukta moja, gramu kwa desilita. Kawaida ni kumi na mbili hadi kumi na sita. Hiyo si kidogo. Ni nusu ya inayotakiwa, na tena anahema. Mleteni sasa hivi, asitembee, mbebeni mpaka kwenye gari. Karatasi hii ilitakiwa ifike mezani kwangu asubuhi."

Msemaji akaweka bitiruti chini. Yeye na Profesa wakambeba mdogo wangu kwenye kiti, huku nikiwa nyuma na kanga yake, nikimtaja Mungu kimoyomoyo, na simu ikilia mfululizo: maua bado yalikuwa yanakuja.

Tabibu akatupa rufaa ya hospitali, na huko walimwongezea chupa mbili za damu. Daktari wa kule akamwuliza maswali ambayo sisi hatukuwahi kumwuliza, na ikajulikana kuwa hedhi yake ilikuwa ikitoka nyingi mno kwa miezi, naye kanyamaza kwa haya. Wakapanga kumpiga picha ya kizazi.

Kesho yake muuguzi akaja na majibu mapya. Msemaji akanyoosha mkono, simu iko tayari mkono wa pili. "Nzuri?" akauliza, kidole kinaelea. "Niwaandikie nzuri?"

Mdogo wangu akaichukua karatasi yeye, akiwa bado amelala.

"Nane nukta mbili," akasoma. "Gramu kwa desilita. Dada muuguzi, na hapa kwenu kawaida ni ngapi?"

"Kumi na mbili hadi kumi na sita."

"Basi bado sijapona." Akaiweka karatasi chini ya mto, akamgeukia mumewe. "Waandikie bado."

"Bado tu? Hivyo hivyo?"

"Hapana, mume wangu. Lete simu, nitaandika mwenyewe."