Uchakavu wa Trekta la Mjomba

Mtihani ulikuwa kesho, na plau, haro na mashine za kupandia vilikuwa vinagongana kichwani mwangu. Nilikaa bandani kwa mjomba, nikisoma kwa sauti gharama za kumiliki trekta: uchakavu, riba, bima, banda.

“La kwangu andika sifuri,” mjomba alisema, akilipapasa boneti. “Mwaka huu halijalima hata shamba moja.”

Nilipandwa na hasira, nikamkokotolea uchakavu, yaani thamani ambayo trekta hupoteza kila mwaka. Alilinunua milioni sitini. Baada ya miaka kumi ataliuza milioni kumi. Hamsini gawanya kwa kumi. “Milioni tano kila mwaka, hata likilala!”

“Nani kazichukua?”

Nilirudia hesabu mara tatu. Jibu lilikuwa lile lile, na mwizi simwoni.

Mjomba alikuna kichwa. “Mimi nikiwalimia watu natoa pesa ya dizeli, ya dereva na ya matengenezo. Inayobaki ni faida. Ndiyo iliyokulipia ada.”

Nilitazama daftari lake la mapato. Uchakavu hakuutoa hata siku moja.

“Kwa hiyo,” aliuliza taratibu, “nimekusomesha kwa kulimega trekta?”

Nilimwambia sijui. Kwenye mtihani ningepata alama zote.