Sifuri Nne za Chinongwe

Machi 1953, asubuhi. Kwenye ubao wa ofisi ya kilimo Nachingwea palikuwa na jedwali la mvua za Februari, na mtu alikuwa amezungushia wino mwekundu tarakimu tano za Chinongwe: sifuri nne, tarehe 12 mpaka 15, kisha inchi 2.44 tarehe 16.

Saburi, karani mkaguzi wa vituo vya mvua, alitazama safu ya jirani. Nanganga ilinyesha siku zote tano. Wingu gani hilo linaloruka kijiji kimoja siku nne, halafu linakimwagia yote kwa mkupuo?

"Huyo mpimaji wao, Lukumani, anapima akiwa kitandani," alisema Kornel, karani mkuu. "Barua ya kumwachisha kazi imeshapigwa chapa. Inangoja neno lako tu."

Saburi naye aliwaza hivyo hivyo. Alipanda lori la Ruangwa na kufika Chinongwe jua likizama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa heri au kwa kodi?"

"Mwenye kofia na mkoba hajawahi kuja kwa heri," alisema Mwantumu, mke wa Lukumani, bila kuinua macho kwenye muhogo aliokuwa akimenya.

Usiku ule ulikuwa mkavu. Hata hivyo, saa tatu asubuhi Lukumani alikwenda kwenye kipimo, akatoa chupa na kuipindua juu ya bilauri ya vipimo. Halikudondoka tone. Akaandika 0.00 kwa penseli kwenye kadi ya mwezi.

"Nyota zilikuwa zinawaka usiku kucha," Saburi alisema. "Umefungua ya nini?"

"Nilikuwa nimelala mimi. Sasa nisipofungua niandike nini?"

Saburi akaona mlango umefunguka. "Na tarehe 12 ulifungua?"

"Sikufungua."

"Mbona uliandika sifuri?"

"Nani, mimi?" Mzee alikunja uso. "Siku zile sikuandika kitu. Nilikuwa Namungo, nimemzika kaka yangu. Tarehe 16 nimefungua, nimekuta maji mengi. Bilauri ilijaa mara nne, ya tano haikufika juu. Ndiyo niliyoandika."

"Mama hakuweza kukupimia?"

"Mimi nilisikia inanyesha kila usiku," Mwantumu alidakia. "Kukigusa hicho chombo mlinikataza ninyi wenyewe. Au umesahau, mwenye mkoba?"

Saburi hakuridhika. Maneno mazuri hayana gharama. Alipiga hesabu kimoyomoyo: bilauri moja ni nusu inchi, nne ni mbili kamili, iliyobaki 0.44. Alijumlisha pia siku tano za Nanganga akapata 2.28. Hesabu zilikaribiana mno, na hilo nalo lilimtia shaka, kwa kuwa hesabu hufundishika. Kwa hiyo wakati wa kurudi aliteremka Namungo akamtafuta Shaibu, aliyeiosha maiti ya kaka yake Lukumani. Hakumwambia sababu.

"Lukumani? Alikaa matanga hapa hapa," Shaibu alisema. "Aliondoka tarehe 15, baada ya magharibi."

Ofisini Saburi aliomba kadi ya Februari ya Chinongwe. Tarakimu zote zilikuwa za penseli, isipokuwa sifuri nne. Hizo zilikuwa za wino.

"Nilizijaza mimi," Kornel alisema, wala hakuona haya. "Bwana Shamba akiona mashimo atasema tumelala. Tena tofauti iko wapi? Tupu na sifuri, vyote havina maji."

"Sifuri ni mtu amefungua chupa akakuta kavu. Tupu ni mtu hakufungua. Wewe umemfanya Lukumani aseme aliona ukame, kisha unataka kumfukuza kwa kusema hivyo."

"Basi igawanye kwa tano, kila siku ipate sehemu sawa."

"Hiyo nayo nani aliipima?"



Saburi alichora jedwali upya. Tarehe 12 mpaka 15 aliweka kistari. Alama ya mabano iliviunga vistari hivyo na 2.44 ya tarehe 16, ionekane kuwa ni maji ya siku tano. Jumla ya mwezi aliiacha ilivyokuwa, maana maji yote yalikuwa yamepimwa. Lakini penye idadi ya siku za mvua, na penye mvua kubwa kuliko zote kwa siku moja, aliweka kistari pia. Chini aliandika: "0.00, imepimwa, haikunyesha. —, haikupimwa." Katika ripoti hakumficha Lukumani: alipaswa kueleza kwenye kadi kwamba maji yalikuwa ya siku tano, na hakueleza.

Bwana Shamba alisoma ripoti akiwa amesimama. Akauliza kama mtu wa Namungo aliambiwa la kusema. Saburi akajibu kwamba hakuambiwa. Bwana Shamba akaitazama kadi mbele ya dirisha, penseli na wino, muda mrefu kuliko alivyoisoma ripoti.

Ijumaa jedwali jipya lilibandikwa ubaoni. Lori la Ruangwa lilibeba mfuko wa barua za vituo. Ya Lukumani haikuwa ile ya kumwachisha kazi: ilimwagiza aeleze kila siku asiyopima, na ndani yake ilikuwamo kadi tupu ya Aprili.