Nyumba Isiyofungulia Redio

Yosefina hakuwa na kompyuta yake. Hakuwa na mtandao wa kuaminika kule Chole, wala chumba kisicho na kelele. Kazi aliyowahi kuiomba aliikosa simu ilipokatika katikati ya usaili, maana hakuwa amemwambia mtu afanyeje ikikatika. Na hakuwa na mwaka mwingine wa kukaa mbali na binti yake, Blessing, aliyekuwa akilelewa na bibi yake huko Kisarawe.

Safari hii ilikuwa kazi ya kutunza ghala la chanjo, hukohuko Kisarawe. Usaili ungekuwa wa video, Jumamosi saa nne asubuhi. Alhamisi akaja Kongowe, Kibaha, kwa shangazi yake Marselina, akaazima kompyuta, akaijaribu kwenye chumba cha nyuma. Kisha akamwandikia afisa ajira, Bwana Laurean: "Umeme au utulivu ukikosekana, nitahamia kwenye simu, ndani ya gari lililofungwa vioo. Nikipotea dakika tano, tafadhali nipigie namba hii." Akajibiwa: "Tumepokea. Tutafanya hivyo."

Gari lilikuwa la mume wa shangazi, mzee Melkiori. Simu ilijazwa chaji na bando, ikawekwa laini ya mtandao mwingine.

Jumamosi asubuhi shangazi alipita nyumba hadi nyumba. "Jamani, leo msifungulie redio. Na watoto wasije kucheza uani kwetu." Sababu hakuitaja, aliogopa kijicho.

Saa nne na robo, Yosefina akiwa kwenye swali la pili, kilio kikapasuka uani.

"Uwii! Melkiori! Umetuacha na nani?"

Alikuwa Mama Zahoro wa jirani, na nyuma yake wanawake watano na mikeka na sufuria la pilau.

Sauti ya Yosefina haikutetereka. "Samahani, Bwana Laurean. Naomba dakika tatu nihamie mahali pa pili nilipowaandikia."

"Hamia, dada. Tunasubiri."

Akatoka na simu mkononi. Mzee Melkiori alikuwa amesimama kando ya gari, kitambaa cha kufutia vioo begani.

"Mama Zahoro, mimi ndiye unayenililia?"

"Ala! Si tumekatazwa redio na michezo ya watoto, kama kwenye msiba? Tungejuaje?"

"Basi lieni polepole, mtoto yuko kazini."

Yosefina akaingia, akapandisha vioo, akaegemeza simu kwenye usukani. Joto lilikuwa la tanuri.

"Tunakusikia vizuri," alisema Laurean. "Kuna msiba?"

"Hapana. Majirani wamemzika mtu aliye hai."

Wasaili wakacheka, kisha wakaendelea: umeme ukikatika ghalani, afanyeje? Akajibu bila papara: friji lisifunguliwe, joto lisomwe na kuandikwa, masanduku ya baridi yaandaliwe mapema, na msimamizi aarifiwe kabla mambo hayajaharibika.

Nje, pilau ililiwa.

Siku kumi na mbili baadaye mkataba ulifika kwa barua pepe, na waajiri walitaka nakala halisi yenye sahihi. Yosefina akachapisha, akatia sahihi kila ukurasa, akaongeza barua fupi ya kukubali. Posta ya Kibaha akailamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba. Karani akagonga muhuri, akaitia kwenye mfuko wa barua za Dar es Salaam, iende kwa Bwana Laurean.