Barua Iliyopitia kwa Marselino

Mie si mtu wa kulialia, na bosi wetu Mzee Fakihi analijua hilo. Miaka saba nimekaa kwenye ofisi yake ya kutoa mizigo bandarini, hapa Kurasini, nikijaza nyaraka za forodha za makontena ya watu, na sijawahi kumgongea mlango kuomba hata mia. Ila mwaka huu nilichoka.

Mwenye nyumba wetu kule Tandika alikuwa amepandisha kodi kwa elfu sabini kwa mwezi. Nilipiga hesabu zangu kila upande. Nilikuwa nimeshaacha chai ya ofisini, nimeshaacha kununua mkaa wa gunia, nimeshahamia kwenye mafuta ya kupima. Hakukuwa na pa kubana tena. Nisingeipata hiyo elfu sabini, ingebidi nihamie chumba kimoja, na baba yake mwanangu Najat, tuliyeachana naye, alikuwa ameshasema wazi kwamba mwanawe hatalala chumba kimoja na watu wazima. Angemchukua akae naye Tanga. Begi la Najat lilikuwa limeshapangwa, lipo nyuma ya mlango. Sikumwambia mtu yeyote kazini. Mambo ya kwangu ni ya kwangu.

Basi nikaandika barua ya kuomba mshahara upitiwe upya. Sikuandika maisha magumu, kwa sababu kila mtu maisha yake magumu na bosi ameshasikia yote. Niliandika takwimu. Nilianza 2018 kwa laki sita na nusu. Mwaka 2021 nikaongezwa elfu hamsini, nikawa laki saba, na hapo ndipo nilipo mpaka leo. Nikachukua mfumuko wa bei wa kila mwaka, ule unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kuanzia 2019 mpaka 2024: tatu nukta nne, tatu nukta tatu, tatu nukta saba, nne nukta tatu, tatu nukta nane, tatu nukta moja. Nikajumlisha, nikapata ishirini na moja nukta sita. Nikaandika kwamba ili mshahara wangu wa kuanzia ununue kile ulichokuwa unanunua 2018, unatakiwa uwe shilingi 790,400. Sijaomba kuongezwa, nikaandika, naomba kurudishwa nilipokuwa. Nilijisikia mwanasheria kabisa.

Kosa langu lilikuwa moja, la kivivu. Sikuandika barua mpya tangu mwanzo. Nilifungua barua yangu ya zamani ya kuomba likizo, nikafuta ya chini, nikaacha ya juu. Na ya juu ilikuwa na mstari huu: *Kupitia kwa: Bw. Marselino, Mkuu wa Kitengo cha Nyaraka.*

Marselino alifariki Aprili ya 2023.

Nafasi yake haijajazwa. Mzee Fakihi aliona kazi inakwenda tu, akanyamaza, mshahara wa mkuu wa kitengo ukabaki mfukoni mwake. Kibanda cha Marselino, kile cha vioo vyenye karatasi ya kuzuia jua, kilifungwa kufuli, na ufunguo anao Mzee Fakihi peke yake. Kimebaki kidirisha kidogo tulichokuwaga tunapitishia mafaili, na chini yake trei.

Niligundua kosa nikiwa nimesimama masjala, muhuri umeshapigwa.

"Dada Benedicta, nipe hiyo nirekebishe."

Benedicta ndiye masjala yetu. Ni mtu wa Bukoba, mfupi, miwani imefungwa kamba, na utaratibu kwake ni kama sala. Akaivuta barua upande wake.

"Ikishapigwa muhuri si yako tena, Mama Najat."

"Lakini imeandikwa ipitie kwa marehemu."

"Nimeona. Barua hupitia ilipoandikiwa."

"Benedicta, mtu amekufa."

"Hakuna aliyeniletea barua ya kumwondoa kwenye orodha," akasema, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe. Akatembea mpaka kwenye kile kidirisha, akaisukuma barua yangu ndani. Nilisikia inavyotua kwenye trei. Nilikasirika, nikamwambia amekosa la kufanya, nikarudi mezani kwangu. Nilipanga kesho niandike nyingine.

Kesho yake saa mbili na nusu nikaitwa kwa bosi.

Mzee Fakihi ni mtu mkubwa mwenye sauti, lakini siku hiyo alikuwa amejikunyata kitini, kanzu yake imelowa kwapani na kiyoyozi kinaunguruma. Barua yangu ilikuwa mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

Akaigonga barua kwa kidole. "Nani kakupa ufunguo wa kile kibanda?"

"Ufunguo gani?"

"Hamisa, usinitanie. Benedicta kaniambia asubuhi kuna barua imekwama kule. Nimefungua mwenyewe, kufuli na kutu yake. Haikuwa kwenye trei. Ilikuwa juu ya meza, katikati. Na vumbi la meza halikuguswa. Sasa niambie hii umeiandika lini."

Akaigeuza. Pembeni mwa barua yangu kulikuwa na maandishi ya wino wa kijani.

Marselino peke yake ndiye aliyekuwa anatumia wino wa kijani ofisi nzima, na saba yake ilikuwa na mkato katikati, na herufi zake zimelala kulia kama watu waliosinzia. Miaka mitano nilikaa naye mtu yule. Alikuwa ananirudishia nyaraka kwa kosa la koma. Mwandiko wake naujua kuliko wangu.

Aliandika hivi: *Asilimia za miaka hazijumlishwi, huzidishwa. Kila mwaka hupanda juu ya bei iliyokwisha kupanda. Jibu si 21.6, ni 23.6. Mshahara sahihi ni 803,600. Aandike pia kwamba 700,000 za sasa ni sawa na 566,000 za 2018. Naunga mkono.* Na sahihi.

Nikachukua simu, nikazidisha palepale. Moja nukta sifuri tatu nne, mara moja nukta sifuri tatu tatu, mpaka mwisho. Ikatoka vilevile. Kwa miaka saba nimejiona hodari wa hesabu, kumbe marehemu ananishinda.

"Mzee, wallahi si mie," nikasema. "Ningekuwa naijua hiyo hesabu si ningeiandika tangu mwanzo?"

Hilo lilimwingia. Akafungua droo ya chini, akatoa barua tatu zilizobanwa pamoja. Wino wa kijani. Tarehe za 2020, 2021, 2022. Zote za Marselino, zote zinaomba mshahara upitiwe upya, zote na jedwali lililopigwa rula. Hakuna iliyokuwa na jibu.

"Nilikuwa nataka kumjibu," Mzee Fakihi akasema. "Mambo yakawa mengi."

Nilimchukia kwa sentensi ile. Mtu alikufa anaishi Mbagala kwa mkopo, na barua zake zilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kalamu ya huyu.

Kwa woga wake akakubali hapohapo. Ila Fakihi ni Fakihi. Akasema atanipa nilichoomba mwenyewe, 790,400, si shilingi zaidi, kwa sababu barua ndivyo inavyosema na hesabu za pembeni hazina mwenyewe. Akaichapa barua ya jibu, akaisaini. Nami nikatoka nikiwa nimekaza meno.

Mezani nikapiga hesabu ya mkononi. Nikitoa makato ya mfuko wa hifadhi na kodi ya mshahara, ile PAYE, nyongeza ile ilinibakizia elfu sitini na tano. Kodi imepanda elfu sabini. Zilipungua elfu tano. Watu watasema elfu tano ni nini. Mie nilishazitafuta elfu tano zote zilizokuwa nyumbani kwangu, na hakukuwa na nyingine.

Nilikaa nikiangalia skrini, machozi yananilenga, na sikutaka mtu ayaone. Nilikuwa na mpango wa kumpigia baba yake Najat jioni.

Benedicta akapita na barua ya jibu mkononi. Hakuja kwangu. Alikwenda kwenye kidirisha.

"We dada, hiyo ni yangu."

"Ombi lilipita kwake," akasema bila kugeuka. "Na jibu linapita kwake." Akaisukuma ndani.

Safari hii sikumzuia.

Asubuhi iliyofuata Mzee Fakihi alitufanya sote watatu tusimame mbele ya kibanda. Akakagua kufuli, akalionyesha kwangu, akalionyesha kwa Benedicta, kama mtu anayetaka mashahidi. Akafungua. Ndani kulikuwa na joto la chumba kilichofungwa, na harufu ya yale marashi ya mchaichai aliyokuwa anajipaka kukimbiza mbu. Barua ilikuwa katikati ya meza. Vumbi kote. Kiti kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, namna anavyokiacha mtu aliyenyanyuka sasa hivi.

Juu ya 790,400 kulikuwa na mstari wa kijani. Pembeni neno moja: *Rudia.*

Hilo neno tulilijua wote. Ndilo alilokuwa anatuandikia.

Mzee Fakihi hakubishana. Alikwenda kuichapa upya mwenyewe, huku tunamwona kupitia mlango, anafuta na kuandika. Ikatoka 803,600, kuanzia mwezi huu. Nikapiga hesabu nikiwa bado nimesimama. Mkononi ilikuwa inaongezeka elfu sabini na nne na ushee. Nilitaka kumshika mtu mkono, nikamshika Benedicta, naye akaniacha nimshike.

Kisha akauchomoa mkono taratibu, akaichukua barua, akaipitisha kidirishani.

Jumamosi ni nusu siku. Niliwahi kufika kabla ya wote, mlinzi ndiye aliyenifungulia. Kufuli lilikuwa mahali pake. Barua yangu ilikuwa imetokeza nusu kwenye kidirisha, upande wangu, imekunjwa mara mbili. Nikaivuta.

803,600 ilikuwa na alama ndogo ya vema, ya kijani. Chini kabisa, baada ya sahihi ya bosi na baada ya muhuri, palikuwa na mstari mmoja uliolala kulia. Wino wake ulikuwa haujakauka, ulinishika kidole gumba.

*Toa nguo begini. Mtoto asiende Tanga.*

Nilisimama pale na barua mkononi. Miguu ilikuwa inataka kukimbia na moyo hautaki. Mwishowe nikainama kwenye kile kidirisha, kule ndani giza tupu na mchaichai, nikasema asante, mkuu. Kisha nikarudi nyumbani kabla ya saa za kazi kuanza, nikalitoa lile begi nyuma ya mlango, nikaanza kutoa sare za shule moja moja. Najat akaamka akaniuliza kidole changu kimefanya nini, mbona kijani.