Glavu Sita na Nusu

Nekoye alikuwa na mikono ya kazi, na hakuona haya kuwa nayo. Alikuwa amekamua ng'ombe wa setla mmoja, mzungu mwenye shamba kule Kapseret, tangu akiwa msichana, mpaka viganja vikapanuka vikawa viganja kweli. Sasa alikuwa msaidizi katika hospitali ya Waafrika hapa Eldoret, na alitaka kitu kimoja tu: kuwa mwuguzi wa chumba cha upasuaji. Akifaulu siku ya majaribio mbele ya daktari, kazi ni yake. Akishindwa, atarudi chumba cha kufulia, na huko watu huzeeka.

Shida ilikuwa Sista Harrop, msimamizi wa chumba hicho. Mzungu huyu aligawa glavu kwa mtindo wake mwenyewe. Wanaume walipimwa mkono, kila mmoja akapata nambari yake. Wanawake wote walipewa sita na nusu, kwa sababu yeye mwenyewe alivaa sita na nusu. Basi!

Nekoye alikwenda kwa fundi wa kushona mashuka, akazungushiwa futi kamba kiganjani, mahali palipo papana zaidi, chini kidogo ya vidole, dole gumba likiachwa nje. Inchi saba na nusu. Na nambari za glavu ni inchi hizo hizo, hakuna uchawi.

"Sista, mkono wangu ni saba na nusu," akasema.

"Mpira unanyooka," Sista akajibu bila kuinua macho.

Asubuhi ya majaribio, wakinawa kabla ya kuingia, Nekoye alisema tena. Sista akamwambia kwamba mwanamke anayejua kazi hana maneno mengi. Jamani! Nekoye akameza hasira yake, akavaa.

Mgonjwa alikuwa mzee Kimutai wa Ainabkoi, mwenye ngiri. Kazi ya Nekoye ilikuwa kushika chuma kilichoweka kidonda wazi, avute, asilegee, daktari apate kuona anachoshona. Ukimtazama ungesema amesimama tu, kumbe anapigana. Mpira mdogo unataka kukunjua mkono kila unapoukunja, kwa hiyo alikuwa akikamata chuma na glavu pamoja. Nyama ya chini ya dole gumba ikaanza kuwaka. Ncha za vidole zikafa ganzi, hata hakujua anashika kwa nguvu au kidogo.

Kisha daktari akasema, "Vuta zaidi." Nekoye akatanua mkono apate kushika vizuri, na mpira ukapasuka papo hapo, kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Glavu hizo zilikuwa zimechemshwa mara nyingi, zilikuwa zimechoka tangu zamani.

Sheria ilijulikana: glavu ikipasuka, unasema. Wengine zilipowapasukia walinyamaza, wakaomba Mungu kidonda kisioze. Nekoye akamtazama mzee Kimutai aliyelala pale hajui lolote, akasema kwa sauti, "Glavu imepasuka."

Akatoka, akanawa, akavaa nyingine. Sita na nusu. Hata hakufika mbali. Alipofungua mkono kupokea chuma, ikapasuka pale pale. Akasema tena. Alipovaa ya tatu mkono ulikuwa umekwisha choka, ukakakamaa kama wa mtu aliyebeba ndoo siku nzima, na chuma kikateleza.

"Mtoeni huyu," Sista akasema. "Anaharibu glavu, na mikono yake ni mizito."

Daktari aliendelea kushona. Alikuwa na kidonda mbele yake.

Mzee Kimutai alipona, akarudi Ainabkoi akitembea wima. Kazi alipewa Kiptoo, kijana mwembamba, na yeye akapimwa: saba. Nekoye akapelekwa kufua, na pamoja na mashuka alipewa glavu azioshe, azijaze maji atafute matundu, azikaushe, azipake unga laini zisigandane.

Miezi ikapita, likaja sanduku jipya la glavu. Ndani yake zilikuwamo saba na nusu, zilizoagizwa kwa ajili ya daktari mgeni. Zilipoletwa kuoshwa mara ya kwanza, Nekoye alikausha jozi moja, akaivaa. Akakunja ngumi, akafungua. Akatanua vidole vyote. Mpira ulifuata mkono bila ubishi, wala haukulegea kwenye ncha. Angeweza kushika chuma chochote mpaka jioni. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta kwa sababu ya ule unga mkononi.

Sista Harrop akamkuta hivyo, mlangoni. Aliutazama ule mkono kwa muda.

"Kwa hiyo ilikuwa ni nambari tu," akasema. "Nekoye, sasa si ungesema?"

"Nilisema, Sista. Mara mbili."

Sista akatikisa kichwa kama mtu anayemsikitikia mtoto mwongo. "Zivue," akasema, "uzioshe tena. Ni za daktari."